Nyimbo za Mtu Anayeacha Pombe: Zipi Zinamfaa Saa ya Tamaa?

Katika parokia zetu nyimbo za kukataza ulevi si chache. Watoto wa shule wanaziimba, vikundi vya akina mama wanaziimba, na siku ya sikukuu kwaya inasimama na kuzipiga kwa nguvu hata bati la paa linatetemeka. Lakini tukiuliza, nani ameziimba peke yake, saa kumi na moja ya jioni, mshahara ukiwa mfukoni na mlango wa nyumba ya pombe ukiwa wazi mbele yake? Hapo watu wananyamaza. Maana nyimbo nyingi zilitungwa na watu wasiokunywa, kwa ajili ya watu wasiokunywa. Mwenye kiu yake hazimfai kitu.

Sisi tunakaa na wanaume kumi na wawili, kila Alhamisi jioni, nyuma ya kapela. Wengine wanaacha pombe, wengine sigara, wengine vyote viwili. Katika daftari yetu tumeandika nyimbo walizoleta au walizotunga wenyewe. Leo tunataka kuzipima tatu, kama fundi anavyopima ubao kabla ya kuukata. Hatuulizi kama ni nzuri kwa sikio. Tunauliza: zinafanya kazi gani saa ya tamaa?

Wimbo wa kwanza ni wimbo wa kiapo. Uliletwa na kijana mmoja dereva, na kiitikio chake kinasema hivi:

Pombe kwaheri, hatutaonana kamwe,
Leo na milele nimekufunga mnyororo.

Sauti yake ni ya kupendeza, na inapanda juu sana kwenye neno «milele». Siku ya kwanza wote waliuimba wamesimama. Lakini yule dereva alituambia baadaye jambo la kufikirisha. Alisema: «Nikiuimba asubuhi, ninakuwa na nguvu. Nikiuimba jioni, neno lile milele linaniangukia kama gunia la saruji. Ninajiuliza: miaka thelathini bila kunywa, nitaiweza wapi?» Tazameni hapo kosa la wimbo. Unampa mtu mzigo wa miaka yote kwa wakati mmoja, na yeye anahitaji kubeba dakika kumi tu.

Maana tamaa si ukuta, ni wimbi. Inaanza kidogo, inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka yenyewe, hata mtu asipoilisha. Tamaa ya sigara kwa kawaida inapungua baada ya dakika chache, tuseme tano au kumi. Ya pombe inaweza kukaa zaidi, nusu saa pengine, lakini nayo inashuka. Asiyejua jambo hili anadhani kwamba itaendelea kupanda mpaka imuue, kwa hiyo anakunywa ili ikome. Anayelijua anangoja. Basi wimbo wa saa ya tamaa ni chombo cha kungojea. Wimbo wa kiapo haumfundishi mtu kungoja, unamfundisha kutangaza ushindi kabla ya vita.

Tena una kosa la pili, ambalo wasiovuta hawalioni. Mtu aliyeacha sigara mara nyingi anakohoa zaidi katika majuma ya kwanza, kwa sababu mapafu yanaanza kujisafisha. Ile sauti ya juu ya «milele» inamkata pumzi. Tulimwona mzee mmoja akiuanza na kuishia katika kikohozi, na wenzake wakacheka. Wimbo usioweza kuimbwa na mgonjwa si dawa ya mgonjwa.

Hapa tuseme wazi jambo moja, ili mtu asidanganyike kwa maneno yetu. Kuna mlevi ambaye wimbo peke yake ni hatari kwake. Ni yule anayekunywa sana kila siku tangu asubuhi, ambaye mikono yake inatetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza. Mtu huyo akiacha kwa ghafula, mwili wake unaidai pombe kwa nguvu. Baada ya saa sita au nane mtetemeko na jasho vinaanza. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa, na kuona wadudu au watu wasiokuwapo, na wengine wanakufa hapo. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Huko wana dawa za kutuliza mwili na vitamini B1, na pombe inatolewa chini ya macho ya mganga. Nyimbo zitamngoja akirudi. Sigara haina hatari ya namna hiyo. Siku mbili tatu za kwanza ni kali, mtu anakuwa na hasira na usingizi mbaya, lakini baada ya majuma machache mwili unatulia.

Wimbo wa pili ni wimbo wa mzaha. Unajulikana sana mtaani kwetu kwa sauti yake, na kila mtu anaongeza maneno yake. Unamsimulia mlevi aliyelala mferejini, mbwa anamlamba midomo, mke wake anapita na kujifanya hamjui. Tunakiri kwamba tulicheka. Umetungwa kwa ufundi, na picha zake ni za kweli. Lakini tuliwatazama wale kumi na wawili walipokuwa wakiuimba. Watatu walicheka kwa sauti kubwa kupita wengine, na hao watatu ndio ambao wake zao waliwahi kuwaokota mferejini. Juma lile mmoja wao alirudi kunywa. Hatusemi kwamba wimbo ulimnywesha. Tunasema kwamba aibu ni kiu ya pili. Mtu anayejiona takataka anatafuta kitu cha kumsahaulisha kwamba ni takataka, na kitu anachokijua ni kile kile. Wimbo wa mzaha unaweza kumfaa kijana ambaye hajaanza. Kwa anayeacha, ni chumvi juu ya kidonda.

Sasa tufike kwenye wimbo wa tatu, ambao kwa ajili yake tumeshika kalamu. Aliutunga seremala mmoja, mtu wa miaka arobaini na moja. Kwa miaka mingi alikunywa lutuku, ule mvinyo unaopikwa kwa mahindi na mihogo. Hakunywa asubuhi. Alianza kila jioni alipoweka vyombo vyake, na kwa kila kikombe alivuta sigara mbili. Njia ya kutoka karakana yake mpaka nyumbani inapita mbele ya nyumba tatu za pombe. Wimbo wake unaanza na njia hiyo:

Saa kumi na moja nimeweka msumeno,
Koo limeniita, sikuitika.
Nimekunywa maji kikombe kizima,
Nimehesabu nyumba mpaka kwenye mwembe.

Na kiitikio:

Nimepita mlango, mlango umebaki,
Mguu ni wangu, njia ni yangu.

Msomaji mwenye elimu ya ushairi atasema kwamba maneno haya ni makavu. Hakuna shetani, hakuna mnyororo, hakuna milele. Sisi tunasema kwamba ukavu huo ndio nguvu yake. Kila mstari ni kazi ya kufanya. Mstari wa kwanza unataja saa, kwa sababu tamaa yake ina saa. Wa pili unakubali kwamba koo linaita. Hausemi kwamba kiu haipo. Wa tatu unamwagiza anywe maji kabla ya kutoka, kwa sababu fundi aliyekata mbao tangu asubuhi ana kiu ya maji kweli, na miaka yote alikuwa akiijibu kwa lutuku. Wa nne unayapa macho kazi. Anayehesabu nyumba hawezi kuhesabu chupa.

Tulipima kwa saa. Ubeti mmoja pamoja na kiitikio unachukua kama sekunde thelathini na tano, ukiimbwa polepole kwa kutembea. Wakati ule ulikuwa na beti tano, yaani dakika tatu hivi. Kutoka karakana mpaka mwembe ni mwendo wa dakika tano au sita. Kwa hiyo akiuimba mara mbili anakuwa amezipita nyumba zote tatu, na wimbi limekwisha kuanza kushuka. Wimbo una urefu wa hatari yake. Hakuupima hivyo kwa makusudi. Njia yenyewe ilimfundisha.

Sauti yake nayo ina historia. Mwanzoni aliyaweka maneno haya juu ya sauti ya rumba iliyokuwa ikipigwa katika nyumba ya pombe ya pili. Aliichagua kwa sababu aliijua vizuri. Siku ya tatu alitujia amekasirika. Alisema kwamba kila alipofika mahali gitaa linapoanza sebene, mate yalimjaa mdomoni na alisikia harufu ya lutuku puani. Tusimcheke. Miaka kumi mwili wake ulijifunza kwamba gitaa lile na kikombe kile ni kitu kimoja, na maneno mapya hayaufuti mafunzo hayo kwa siku tatu. Hii ndiyo sababu nyimbo nyingi za kuacha pombe zinashindwa, ingawa maneno yake ni mema. Zimevaa nguo za adui. Mtunzi achague sauti ambayo haijawahi kuingia kwenye nyumba ya pombe. Seremala wetu alichukua mwendo wa msumeno, kuvuta na kusukuma, na sauti ya chini isiyopanda. Unaweza kuimbwa bila kufungua mdomo. Anayepita karibu anadhani ni mtu anayefikiri kazi yake.

Jambo hili la kuimba kimya ni kubwa. Nyimbo zetu za kazi zina mwimbishaji na waitikiaji, na zinapendeza kwa sababu hiyo. Lakini mtu mwenye tamaa yuko peke yake. Akianzisha wimbo wa kuitikiwa na hapana anayeitikia, upweke wake unaongezeka. Seremala aliutatua ugumu huo kwa hatua zake. Mguu wa kushoto unaanzisha, wa kulia unaitikia.

Tena aliweka sheria moja, na hapa ndipo tunapoona akili ya mtu huyu. Haruhusiwi kuongeza ubeti kabla jambo lenyewe halijatokea. Hawezi kuimba kwamba amekataa kikombe kilioni mpaka awe amekwenda kwenye kilio na kukikataa. Jambo hilo lilipotokea, juma la pili, ubeti ukazaliwa:

Kwenye kilio wamenipa kikombe,
Nimekipokea, nimekipitisha.
Marehemu hakunung'unika,
Machozi yangu hayakuwa ya pombe.

Wote wanaojua desturi zetu wanaelewa ugumu wa mahali hapo. Kukataa kikombe cha kilio kunaweza kuonekana kama kumdharau marehemu na jamaa zake. Mtu huyu hakusimama kutoa hotuba. Alipokea kwa mikono miwili, akampa jirani yake. Ubeti umehifadhi ufundi huo, na wenzake wawili wameutumia tangu hapo. Ushindi wake ni mdogo kama punje ya mtama, lakini ni ushindi uliotokea, si uliotamaniwa. Ndiyo tofauti kati ya wimbo huu na ule wa kiapo. Ule ni deni. Huu ni akiba.

Si kila ubeti ni mzuri. Ule wa sigara ni dhaifu. Unasema kwamba moshi umekimbia kama jeshi lililoshindwa. Tulimwuliza: «Jeshi hilo umeliona wapi?» Akacheka, akakubali kwamba aliutunga ili kutufurahisha. Hauna saa, hauna mahali, hauna kazi ya mkono. Na katika sigara mkono ndio unaodai kwanza, kabla ya kifua. Mkono umezoea kwenda mfukoni na kurudi mdomoni mara nyingi kwa siku. Tulimshauri atunge ubeti wa mkono. Bado hajautunga, na sigara ameshindwa kuiacha kabisa, amepunguza tu. Tunadhani mambo haya mawili hayako mbali. Mahali ambapo wimbo ni wa uongo, maisha nayo yana ufa.

Sasa tuseme habari ya kuanguka, maana ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Siku ya ishirini, Jumamosi, shemeji yake alifika kutoka safarini, na seremala akanywa. Alikunywa mpaka usiku. Jumapili hakuja Misa, na Jumatatu tulimkuta karakana amekaa, msumeno uko chini. Alisema: «Daftari yenu ifuteni. Siku zote zimepotea. Kwa kuwa nimekwisha kuharibu, afadhali ninywe mpaka mwisho wa mwezi.»

Maneno hayo ya mwisho ndiyo sumu yenyewe. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Amerika, Alan Marlatt na Judith Gordon, waliandika kitabu juu ya kurudia ulevi. Walionyesha kwamba kikombe kimoja cha kuteleza si kile kinachomzamisha mtu mara nyingi. Kinachomzamisha ni wazo linalofuata: nimekwisha kuwa mlevi tena, basi ninywe tu. Wimbo wa kiapo unalilisha wazo hilo, kwa sababu ulisema «kamwe», na «kamwe» ikivunjika mara moja haina kiraka. Wimbo wa seremala ulikuwa na mahali pa kiraka. Tulimkumbusha sheria yake: huimbi ila jambo lililotokea. Basi na hili limetokea. Alinyamaza kitambo. Alhamisi alikuja na ubeti huu:

Jumamosi nilianguka, ninaisema,
Jumapili nililala, ninaisema.
Siku kumi na tisa ni zangu bado,
Jumatatu nimeanza kuongeza.

Kukawa ubishi mkubwa kati yetu. Wengine walisema kwamba ni ujanja. Aliyeanguka aanze tena kwenye moja, la sivyo kila mtu ataanguka kila Jumamosi na kuendelea kuhesabu. Hoja yao ina uzito, hatuidharau. Lakini tunaomba watazame maneno. Ubeti hausemi kwamba anguko si kitu. Unalitaja kwanza, kwa siku yake, tena mbele ya watu. Halafu unakataa uongo mwingine, ule wa kusema kwamba siku kumi na tisa hazikuwako. Zilikuwako. Mke wake alipokea fedha za majuma hayo, na watoto walizila. Mwisho tulipatana hivi: katika daftari tunaandika hesabu mbili, siku zinazofuatana tangu anguko la mwisho, na siku zote tangu mwanzo. Hesabu ya kwanza inamzuia mtu kujidanganya, ya pili inamzuia kukata tamaa.

Hekima hii ya vipande vidogo si mpya katika Kanisa. Matt Talbot, mfanyakazi wa Dublin katika nchi ya Irlandi, alizaliwa mwaka 1856 na kuwa mlevi tangu ujana. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake waliwahi kuiba fidla ya mpigaji masikini na kuiuza ili wapate pombe. Mwaka 1884 alitoa ahadi ya kutokunywa. Hakuapa kwa maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha, akaahidi tena kwa muda, na mwisho kwa maisha. Jioni baada ya kazi, saa ile ile inayomtesa seremala wetu, alitembea na kuingia makanisani ili asiwe karibu na milango ya pombe. Alikufa mwaka 1925 bila kurudi kwenye pombe, na mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kuheshimiwa. Kama mtu wa namna hiyo alianza na miezi mitatu, kwa nini sisi tunawapa watu wetu nyimbo za milele siku ya kwanza?

Basi, hukumu yetu ni hii. Wimbo wa kiapo ukae kanisani, siku ya sikukuu, ambapo wengi wanambeba mmoja. Wimbo wa mzaha uachwe kabisa mbele ya wanaoacha. Wa seremala ufuatwe, lakini usinakiliwe. Hapa tumekwisha kukosea sisi wenyewe: tuliwafundisha wote kumi na wawili, na dereva akawa anaimba habari ya msumeno ambao hana na mwembe ambao haupo njiani kwake. Ulimfaa kwa siku nne tu. Kila mtu atafute saa yake, mlango wake, na kazi ya mkono wake, achague sauti isiyonuka pombe, kisha angoje ushindi wa kwanza ndipo aandike.

Wimbo wa seremala sasa una beti tisa. Wa nne ni ule wa jeshi la moshi, na kila akifika hapo anauruka. Alhamisi iliyopita tulimwona amechukua kipande cha mbao laini, anakikwangua kwa kisu kidogo, vidole vyote vya mkono wa kulia vikiwa na kazi. Hakusema kitu, na sisi hatukumwuliza.